Kumwomba supavaiza tubadilishe topiki ya disetesheni wakati proposo ilishapita: naomba msaada wa barua

NuruPwani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Nasoma masters ya afya ya jamii, proposo ilishapita, kibali cha maadili ninacho, na sasa imefika mahali inabidi nimwombe supavaiza tubadilishe topiki. Naomba msaada namna ya kuiandika hiyo barua kwa heshima maana topiki alinishauri yeye na ndo fani yake, ni mama mtu mzima amenilea vizuri kwenye hii kazi, sitaki aone kama nampinga.

Topiki ya sasa ni kisukari cha mimba na matokeo ya uzazi, hospitali moja ya wilaya mkoani Pwani, kwa kupitia mafaili ya wodi ya wazazi. Nimefanya pailoti ya mafaili 80, yale ambayo kadi ya kliniki imebanwa humo ndani. Wengi wamepimwa mkojo kwa kile kijiti. Sukari ya damu wamepimwa 11 tu na wote ni kipimo cha kidole cha muda wowote, hakuna hata mmoja aliyefunga usiku, akapimwa asubuhi, akanyweshwa zile gramu 75 za glukosi na kupimwa tena. Sasa nitamwita nani ana kisukari cha mimba na nani hana?

Ila kwenye mafaili hayohayo wingi wa damu umeandikwa vizuri. Kati ya 80, 71 walipimwa HB hudhurio la kwanza. Halafu waliorudiwa kupimwa kuanzia wiki ya 28 ni 29. Hapo ndo nikapata hamu, nataka nihamie huko: ni wajawazito wangapi wanarudiwa kupimwa damu kabla ya kujifungua, na ni akina nani wanaoachwa.

Rasimu yangu hii hapa, rasmi itaenda kwa Kiingereza ila naiweka kwa Kiswahili tuelewane:

*"Mheshimiwa Dokta, natumaini u mzima wa afya. Kwa unyenyekevu mkubwa naomba radhi kwa usumbufu nitakaokusababishia. Nimegundua kuwa topiki yetu haitekelezeki kwa sababu hospitali haina kumbukumbu nzuri na wahudumu hawafuati mwongozo. Hivyo naomba kubadilisha topiki iwe upungufu wa damu kwa wajawazito. Nitashukuru ukinikubalia mapema kwani muda umeenda."*

Naombeni maoni.

Kipara_wa_Kimara

Dada usijipe presha, usimwandikie chochote. Kusanya data yako ya damu kimyakimya, andika chapta zote, siku ya kumpelekea unabadilisha kichwa cha habari tu. Supavaiza wengi hata hawakumbuki topiki yako ilikuwa nini. Mimi nilibadilisha maneno mawili matatu kwenye kichwa baada ya proposo na hakuna aliyeuliza.

MamaRejesta

Kipara hapo kuna kitu uko sawa na kuna kitu kitamuumiza mwenzio. Kupunguza maneno kwenye kichwa, labda kutoka wilaya tatu kwenda moja, hilo supavaiza anaweza kukubali na mkasonga. Ila huyu anabadilisha ugonjwa, anabadilisha swali, anabadilisha anachokipima. Cheti cha maadili kimeandikwa kisukari cha mimba, na hicho cheti kinaenda kwenye viambatisho nyuma ya disetesheni. Mtahini wa nje akifungua akakuta kazi ni ya upungufu wa damu ataanza kuuliza hizi data zilikusanywa kwa ruhusa ya nani, na swali hilo utalijibu ukiwa umeshasimama mbele ya watu.

Nuru, nimekaa kwenye kamati ya uzamili ya idara kwa muda sasa, barua za aina hii nimeziona nyingi. Kabla sijagusa barua yako nina maswali mawili. La kwanza, hao 42 ambao hawakurudiwa, walikuja kliniki baada ya wiki 28 wakaachwa bila kupimwa, au hawakuja kabisa? La pili, hao 29 walipimwa kliniki au walipimwa wodini siku wameingia na uchungu?

msomi_mbichi

Pole sana, kubadilisha supavaiza ni kazi ngumu. Wa kwangu nilienda kwa koodineta nikajaza fomu, ukapita muda mrefu ndo nikapewa mwingine. Jitahidi umalizane naye vizuri kwanza.

NuruPwani

@msomi_mbichi hapana ndugu, supavaiza simbadilishi, namtaka sana, nabadilisha topiki tu.

@MamaRejesta asante mama kwa kunijibu. Wote 29 ni kliniki, tarehe ya kipimo nimeilinganisha na tarehe ya kulazwa, zile za siku ya uchungu sikuzihesabu. Kuhusu 42 ngoja nirudi kwenye fomu zangu, tarehe za mahudhurio ninazo.

Otis_wa_Nakuru

Mimi niko Kenya, nilisoma mambo ya kilimo. Yangu ilikuwa soko la maziwa kwa vikundi, katikati nikataka kuhamia gharama za chakula cha ng'ombe kwa sababu vikundi viwili kati ya vile nilipanga vilikuwa vimevunjika. Supavaiza alikubali haraka sana tukiwa tu tunaongea kwa korido, mimi nikaenda uwanjani. Shida ikaja kwa sababu leseni ya utafiti ya huku Kenya, ile ya NACOSTI, ina kichwa cha utafiti na kaunti yako, na ofisi ya kaunti walipoisoma wakaniuliza mbona maswali yako si ya maziwa. Nikarudishwa. Kwa hivyo hata akikubali kwa mdomo, tafadhali pata kitu kimeandikwa, hata kama ni jibu fupi la imeili, ndio uanze hizo karatasi zingine.

Dr_Mtarajiwa

Nachojua mimi ukibadilisha topiki ethiki inaanza upya kabisa, unalipia upya, unasubiri upya. Bora abaki na kisukari atumie hicho kipimo cha mkojo, si kipo kwa wengi? Waliokuwa na sukari kwenye mkojo awaite wana kisukari cha mimba, aandike kwenye mapungufu ya utafiti kwamba kipimo kina udhaifu.

MamaRejesta

Hapana, hilo la mkojo haliwezi kuokolewa na sehemu ya mapungufu. Mimba ikiwepo figo zinachuja damu nyingi zaidi na sukari inavuja kwenye mkojo hata kwa mama ambaye damu yake haina shida, na kuna mwenye kisukari kabisa mkojo wake uko safi. Ukifanya hivyo utakuwa umechanganya wagonjwa na wazima pande zote mbili, halafu unawalinganisha uzito wa watoto wao. Tokeo lolote litakalotoka hapo halina maana. Viwango vya WHO vya 2013 vinataka sukari ya damu, 5.1 akiwa amefunga, au 10.0 saa moja baada ya kunywa glukosi, au 8.5 baada ya saa mbili. Faili halina hivyo, basi.

Kuhusu ethiki, uko sahihi nusu. Kamati nyingi zina njia ya maombi ya marekebisho, na wanachoangalia ni nani anashirikishwa, anafanywa nini, na hatari imeongezeka au la. Huyu anabaki na mafaili yaleyale, hospitali ileile, hamgusi mama yeyote. Ana hoja nzuri ya kuomba marekebisho. Ila swali la utafiti limebadilika, kwa hiyo kuna kamati itamwambia hapana, hii ni kazi mpya. Asiahidi upande wowote kwenye barua, aulize.

NuruPwani

Nimerudi. Kati ya wale 42, 15 hudhurio lao la mwisho lilikuwa kabla ya wiki 28, hawakuonekana tena mpaka wanakuja kujifungua. 27 walikuja, wengine zaidi ya mara moja, wamepimwa presha, wamepimwa kimo cha tumbo, wamepewa vidonge vya kuongeza damu, na ule mstari wa HB uko wazi.

Kuna kadi moja imenikaa kichwani. Hudhurio la kwanza wiki ya 18, HB 11.2. Amekuja wiki ya 27, 31, 36, mistari yote mitatu ya HB haina kitu. Kalazwa na uchungu HB ni 7.4.

MamaRejesta

Umeona sasa, hapo ndo utafiti wako ulipo. Huyo wa 11.2 alionekana yuko salama kwa sababu mwongozo unasema chini ya 11 ndo upungufu, na kwa miezi mitatu ya kati 10.5. Ila maji ya damu yanaendelea kuongezeka, mtoto anachukua chuma, akipata malaria au minyoo hapo katikati inashuka haraka, na hakuna aliyemwangalia.

Sasa angalia mahesabu yako. Ukisema 29 kati ya 71 unapata asilimia 41, na msomaji ataelewa kliniki haipimi. Lakini 15 hawakuwepo wapimwe. Waliopata nafasi ni 56, waliopimwa 29, ni asilimia 52. Hayo ni maswali mawili: kwa nini mama harudi kliniki, na kwa nini aliyerudi hapimwi. La kwanza huwezi kulijibu kwa faili, mama mwenyewe hayupo. La pili unaweza kulisogelea kwa faili. Chagua la pili, hilo ndo liwe eneo lako jipya, na lile la kwanza uliripoti kwa sentensi moja tu.

Kipara_wa_Kimara

Sawa nimeelewa hiyo ya cheti cha maadili. Lakini sampo je? Si abaki na ileile ya mwanzo?

MamaRejesta

Ya mwanzo ilipigwa kwa kisukari, hesabu lazima irudiwe, na iwe ndani ya barua maana ndo kitu cha kwanza atakachouliza supavaiza. Kwa kuwa pailoti inaonyesha karibu nusu, tumia nusu:

```
n = z^2 * p * (1 - p) / d^2
n = 1.96^2 * 0.5 * 0.5 / 0.05^2 = 384.16, yaani 385
```

Ila hao 385 ni wale waliopata nafasi. Kwenye pailoti waliofaa ni 56 kati ya 80, asilimia 70. Kwa hiyo ili upate 385 itabidi ufungue mafaili kama 550. Mtu akisahau hapo anafika mwisho ana kina mama 270 na muda umekwisha.

bi_mkunga

Mimi ni muuguzi mkunga, niko kliniki ya wajawazito miaka mingi. Naomba niseme jambo kwa niaba yetu. Barua ya dada imeandika "wahudumu hawafuati mwongozo". Kuna miezi vile vitendanishi vya kupimia HB vinaisha kabisa, kuna siku mashine iko maabara na foleni ya maabara inafika nje, mama ana safari ya kurudi kijijini anaondoka. Sisi tunaandika tulichopata. Mstari uko wazi, sawa, lakini faili haliwezi kukwambia ni kwa nini uko wazi. Ingekuwa vizuri utuhoji na sisi.

NuruPwani

@bi_mkunga asante dada, hiyo sentensi naitoa. Na wazo la kuwahoji ni zuri, niliongeze?

MamaRejesta

Bi mkunga amesema kweli tupu na hiyo sentensi itoke leoleo, maana hiyo barua inaweza kufika hospitali na mlango ukafungwa. Ila mahojiano usiyaweke kwenye ombi. Ukianza kuhoji wahudumu una washiriki wapya, unahitaji fomu ya ridhaa, mwongozo wa maswali, na ile hoja yako kwamba kila kitu kimebaki kilekile kwa kamati ya maadili inakufa. Kwenye faili unaweza kuangalia mwezi wa hudhurio. Kama kuna miezi ambayo hakuna hata mama mmoja aliyepimwa hiyo inaweza kuwa dalili kwamba vitendanishi viliisha, na daftari la maabara linaweza kuthibitisha.

bi_mkunga

Hapo kwenye mwezi sawa. Ila nitabaki na msimamo wangu, bila kusikia mtu wa kliniki mtaandika nusu ya habari.

MamaRejesta

Sina ubishi na hilo. Nazungumzia muda alionao.

Nuru, sasa barua. Umeomba radhi kabla hujasema tatizo, ukalaumu hospitali, ukampa haraka mkubwa wako, na mambo anayohitaji ili akubali hayamo. Kwa jinsi ulivyomweleza, mama huyu atauliza hivi: kwa nini tusipime wajawazito wapya wenyewe badala ya mafaili? Mjibu kabla hajauliza. Na usiandike "topiki haitekelezeki", swali lake la kisukari ni zuri, ila haya mafaili ndo hayawezi kulijibu.

Dr_Mtarajiwa

Hiyo ya kupima wapya hata mimi nilikuwa naenda kuuliza.

NuruPwani

Nimeiandika upya usiku huu, nimeuliza pia watu wa maabara kuhusu kile kipimo cha glukosi. Iangalieni:

*"Shikamoo Dokta. Naleta kwako matokeo ya pailoti ya mafaili 80 pamoja na ombi. Swali letu la kisukari cha mimba linahitaji kipimo cha sukari ya damu kwa utaratibu wa glukosi gramu 75. Katika mafaili haya hakuna aliyepimwa hivyo. 11 wana kipimo cha kidole cha muda wowote na waliobaki, kama walipimwa, ni mkojo tu. Jedwali nimeliambatisha.*

*Nilifikiria kupima wajawazito wapya. Kwa sampo ya 385 ni lazima kila mama afunge usiku na kutolewa damu mara tatu ndani ya saa mbili, yaani mara 1,155, na maabara ya hospitali imenieleza kuwa haiwezi kubeba kazi hiyo ndani ya muda wangu wa masomo wala sina bajeti yake.*

*Kwa ruhusa yako, naomba tufikirie kuhamia swali hili: kati ya wajawazito waliopimwa wingi wa damu hudhurio la kwanza na wakahudhuria tena kuanzia wiki ya 28, ni wangapi walirudiwa kipimo kliniki, na ni mambo gani yanaendana na kutorudiwa. Kwenye pailoti ni 29 kati ya 56. Hospitali, chanzo cha data na muundo wa utafiti vinabaki. Vinavyobadilika ni tatizo la utafiti, malengo, fomu ya kukusanyia data, sampo (mafaili 550 ili kupata 385) na sehemu kubwa ya mapitio ya maandiko. Sitagusa sababu za mama kutorudi kliniki wala matokeo ya mtoto.*

*Sijakusanya data yoyote zaidi ya pailoti na sitaendelea mpaka nipate mwongozo wako, pamoja na namna ya kuiarifu idara na kamati ya maadili. Nikipata nafasi ya kuja ofisini siku utakayoona inafaa nitashukuru. Kama unaona kuna njia ya kubaki na kisukari, niko tayari kuisikiliza."*

Otis_wa_Nakuru

Hii sasa ni barua. Mimi singebadilisha kitu.

MamaRejesta

Nzuri. Ongeza kitu kimoja, ratiba fupi: rasimu mpya ya chapta ya kwanza na ya tatu lini, maombi ya marekebisho lini, ukusanyaji lini. Usiweke kwenye barua yenyewe, iwe nyuma ya jedwali. Na hiyo sentensi ya mwisho iache palepale, usije ukaitoa kwa ushauri wa mtu.

Kipara_wa_Kimara

Mimi ningetuma wasapu kwanza kumwandaa, imeili baadaye.

msomi_mbichi

Supavaiza wangu wa kwanza ukimtumia wasapu hajibu, anasema hiyo si ofisi. Inategemea na mtu.

NuruPwani

Mrejesho wakuu. Nilituma imeili na viambatisho, halafu wasapu fupi ya salamu kumjulisha kwamba imeili ipo. Amenijibu jana jioni, ameniita ofisini leo asubuhi. Jedwali alishalichapisha liko mezani.

Kakubali tuhame. Kanitaka niandike barua kwa mkuu wa idara kupitia kwake, yeye atapitisha kwa maneno yake, ndo twende kamati ya maadili na maombi ya marekebisho, wakisema ni kazi mpya tutaanza upya hakuna namna. Katika sampo kabadilisha kitu kimoja, anataka mafaili yachaguliwe kwa mwezi, idadi sawa kila mwezi, ili ile habari ya vitendanishi kuisha ionekane vizuri.

Ila kaongeza lingine. Anataka nihoji wauguzi wachache wa kliniki na mtu mmoja wa maabara. Nilimweleza ile ya fomu za ridhaa, akasema analijua hilo na bado anaona bila wao kazi itakuwa na pengo. Amenipa mpaka wiki ijayo nimpelekee mawazo yangu.

bi_mkunga

Mungu ambariki huyo mama.

MamaRejesta

Mimi nisingeongeza, ila mwenye mwanafunzi ni yeye na ameshaona jedwali. Muulize kama atakubali yapelekwe kamati kwa awamu mbili, mafaili kwanza kama marekebisho, mahojiano yaombewe peke yake baadaye. Hivyo wakichelewesha moja, lingine linaendelea. Na zile 80 za pailoti, muulize kabisa zinaingia kwenye 550 au zinabaki nje, maana zilikusanywa chini ya kichwa cha zamani.

NuruPwani

Hilo la 80 sikumuuliza. Naliweka la kwanza kwenye orodha ya wiki ijayo.